Geji Iliyosema Nne Siku Zote

Kazi yangu ya kwanza ya kalamu ilikuwa kutazama sindano. Zama hizo za Mtaliana, pale Kismayu palikuwa na kiwanda cha kusindika samaki na nyama, na ndani ya kiwanda kulikuwa na nyumba ya kufulia. Hapo zilifuliwa aproni za wakata samaki, ovaroli, magunia, na pia mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya wakubwa. Nguo hizo zilichemshwa kwa mvuke, na mvuke ulitoka kwenye boila moja iliyosimama wima kwenye kibanda cha pembeni, kama pipa lililovaa bomba kichwani. Sisi tuliiita kaldaya, kwa jina la wenyewe. Juu ya kaldaya palikuwa na geji, kipimo cha presha chenye uso na sindano kama saa, na kila saa moja mimi niliingia, nikaitazama, nikaandika kwenye daftari: saa, kilo, maelezo, sahihi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, najua kusoma na kuandika kwa herufi zao, na nilijiona mtu mkubwa sana. Nilivaa viatu. Wenzangu wa Kudha, kisiwa chetu, waliokuja mjini walibeba magunia bandarini, mimi nabeba kalamu. Mtu akiniuliza kazi yangu nilimjibu kuwa naangalia presha ya kiwanda kizima, na kama hakuelewa nilifurahi zaidi.

Mwenye kuchochea moto alikuwa mtu wa kwetu Kudha, nilimwita ami ingawa si ndugu ya baba yangu kwa damu. Maisha yake yote alikuwa mkalafati: huziba nyufa za mashua kwa pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya ini la papa, akiishindilia kwa nyundo na patasi mpaka maji yakose pa kupita. Mgongo ulipomshinda kuinama chini ya mashua, ndipo akaja kuchochea moto. Alikuwa hodari, mwenye kujisifu, na alinidharau kidogo kwa sababu ya viatu.

Mkubwa wetu, tuliyemwita diretore kama alivyotaka, alikuwa Mtaliana mnene aliyependa mambo matatu: kulala mchana, vitu vilivyowekwa kwenye fremu, na jina lake mwenyewe. Ofisini kwake ukutani palitundikwa cheti cha ukaguzi wa boila, kina mihuri miwili na tai, ndani ya fremu ya mvule. Mgeni akiingia alionyeshwa cheti kabla hajaonyeshwa kiti. Hakuna aliyepata kukisoma. Cheti kizuri namna ile, ukisogea kukisoma utaonekana huna adabu.

Kwenye cheti hicho, nilikuja kujua baadaye, iliandikwa kuwa boila isipandishwe zaidi ya kilo tano kwa kila sentimita mraba. Kwenye uso wa geji palikuwa na mstari mwekundu penye tano. Na ikiwa mtu atasahau, palikuwa na vali ya usalama: mkono wa chuma wenye jiwe la chuma mwishoni, limepimwa uzito wake, ili presha ikizidi tano mvuke uunyanyue mkono ule na kujitoa wenyewe kwa kelele. Hayo ndiyo mambo matatu yaliyokuwa kati yetu na maafa: mstari mwekundu, vali, na sisi. Kwa kweli sisi ndio tuliokuwa dhaifu kuliko vyote.

Vali ilianza kupiga kelele mchana, saa sita na saa saba, wakati diretore amelala. Ilipiga filimbi ya kusikika mpaka sokoni. Siku ya tatu alitoka na fulana, uso umevimba kwa usingizi, akaingia kibandani akautazama ule mkono wa chuma kama anautazama mtumishi mtovu wa nidhamu. Akaamuru kiletwe kitu kizito. Ami akaleta kucha ya nanga iliyovunjika. Diretore akaitundika mwenyewe kwa waya, kwa mikono yake, akarudi nyuma hatua mbili kuisifu kazi. Kisha akanigeukia akaniamuru niandike kwenye safu ya maelezo kwamba vali imerekebishwa na diretore mwenyewe. Nikaandika. Akaichukua kalamu akatia sahihi, sahihi yake ile yenye mkia mrefu uliopita mpaka kwenye mistari ya kesho.

Kelele ikakoma. Kiwanda kizima kikasema diretore ana akili ya mashine.

Jambo la pili lilikuwa lile tundu. Chini ya kaldaya kuna tundu la kuingiza mkono kusafishia chumvi inayoganda ndani, maana maji ya visima vya Kismayu yana chumvi isiyo na aibu. Tundu hilo lina kifuniko, na kati ya kifuniko na chuma huwekwa gasketi, pete ya kuziba mvuke. Gasketi ilikuwa imechakaa, inavuja. Ami alimwomba diretore nyingine mara tatu, mimi nikiwa mkalimani, na mara tatu jibu likawa kwamba imeagizwa Mogadishu. Mara ya nne diretore alicheka, akasema: huyu si fundi wa mashua? Basi azibe.

Hapo ndipo ami alipofanya kosa ambalo duniani kote angeweza kulifanya mtu wa visiwani tu. Hakukasirika. Aliona ameheshimiwa. Moto ulipozimwa Ijumaa alileta pamba yake na kopo lake la sifa, akaketi mbele ya tundu akaisokota pamba nyuzi kwa nyuzi, akazungusha, akashindilia, akapaka. Kibanda kizima kilinuka papa. Moto ulipowashwa Jumamosi halikutoka tone. Ami aliwaita wafuaji waje kuona. Alitia mkono kiunoni akaniambia kwa lugha yetu ya kisiwani, inayogeuza t kuwa ch, kutuma na kutumia kuwa kuchuma, "Waona? Wao huchuma barua Mogadishu, sisi huchuma pamba."

Nikamwandikia sifa zake kwenye safu ya maelezo. Sasa niseme juu ya geji.

Geji yetu ilisema nne. Asubuhi moto ukiwaka, nne. Adhuhuri, nne. Jioni makaa yakifa, nne. Kwa wiki nyingi daftari langu lilikuwa zuri kupita kiasi, safu nzima ya nne zilizopangwa kama meno, na diretore alipolipitisha jicho alinipiga bega. Siku ya Idd kiwanda kilifungwa na moto ulikuwa umezimwa siku mbili, lakini kanuni ya diretore ilikuwa daftari lisiwe na ukurasa mtupu. Nikatoka kuswali Idd na kanzu mpya, nikapita kiwandani, mlinzi akanifungulia, nikaiangalia geji kwa dakika nzima. Kaldaya ilikuwa baridi. Niliigusa, nakumbuka niliigusa. Geji ikasema nne. Nikaandika nne, nikatia sahihi, nikaenda kula biriani. Njiani nilijiambia chuma kikubwa hakipoi upesi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, mtu mwenye viatu.

Siku ajali ilipotokea ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Kulikuwa na mashuka mengi ya hospitali na ami alikuwa ameshindilia moto. Nilikuwa mlangoni, nimetoka tu kuandika nne ya saa nne. Niliusikia mlio, kama kitambaa kikubwa kinachochanwa, kisha sikuona kitu. Kibanda chote kilikuwa cheupe. Pamba imetoka, na nyuma yake maji ya moto na mvuke, kwa usawa wa magoti, moja kwa moja kuelekea upande wa wafuaji, ambao walitenganishwa na kaldaya kwa ukuta wa makuti tu. Ami alikuwa ameinama pembeni ya tundu. Iliyoungua ni miguu yake yote miwili, kutoka magotini kwenda chini. Nyuma ya makuti alikuwa mwanamke wa makamo, mfuaji wa zamani kuliko wote, ameinama kwenye beseni. Alitanguliza mikono kukinga uso. Uso ulipona.

Waliochomwa walikuwa hao wawili. Wengine walianguka na kuchubuka wakikimbia. Mimi sikuchubuka hata kidole.

Hata mvuke haujaisha kibandani, diretore alikwisha kuniita ofisini kuandika ripoti. Ajali ya boila lazima iripotiwe kwa mkaguzi Mogadishu, kwa fomu yake, na fomu ilikuwa ndefu. Alisimama chini ya cheti chake akanitolea maneno. Hali ya boila kabla ya ajali: nzuri sana. Cheti: kipo. Sababu ya ajali: uzembe wa mchochea moto, ambaye alilala kazini, akaiacha presha ipande mpaka kilo tisa mbele ya macho yake, na kwa ukaidi akatundika uzito kwenye vali bila ruhusa. Waliojeruhiwa: wenyeji, wawili. Nikauliza kama niandike majina. Akasema fomu haina nafasi ya majina.

Kisha akasema daftari lirekebishwe. Ile nne ya saa nne iwe tisa, na kabla yake saba, ili ionekane imepanda.

Ningependa kuwaambia kuwa nilikataa. Nilisema ndiyo, bwana. Nilichukua daftari nikaenda nalo chumbani kwangu, nikalifungua, nikachovya kalamu. Nilikaa hivyo mpaka wino ukakaukia kwenye nibu. Haukuwa ushujaa. Nilihesabu tu kwamba nne haigeuki tisa bila kuchafua ukurasa, na mimi nilikuwa na kiburi cha ukurasa safi. Siku ya pili nikamwambia diretore bado naendelea.

Wakati huo ami alikuwa hospitali, amepakwa ile dawa ya zambarau toka magotini mpaka vidoleni, na askari ameketi mguuni pa kitanda na bunduki. Bunduki ya kumzuia mtu asiye na miguu asikimbie! Habari ilikwisha kuenea: atakapopona atapelekwa jela, na waliojua jela ile walisema kwa miguu ile hatatoka. Nilikwenda kumwona. Alinitazama nikiingia, akatazama na viatu vyangu.

"Wambie kweli, mwanangu," alisema. "Mi siyalala. Niiangaliye ile saa yenu ya mvuke, ikanambia nne. Mchu aambiwapo nne afanyeje? Achie mocho."

Kisha akafikiri, akasema jambo lililomuuma kuliko miguu. "Pamba ni kosa langu. Mashua, mai huchaka kungia, pamba ikafura ikaziba. Hii kaldaya mai yake huchaka kukimbia. Nami ni mkalafati miaka arubaini, sikuyawaza haya."

Alilala kwenye shuka chafu. Wote hospitalini walilala kwenye mashuka machafu wiki ile, kwani mahali pa kufulia palikuwa pamekufa.

Mkaguzi alikuja kwa meli siku ya tano. Tulimngojea mtu wa kifua na ndevu, akashuka kijana mwembamba aliyesawijika kwa kichefuchefu cha bahari, amebeba sanduku la vyombo na hataki mtu amshikie. Diretore alikuwa ameandaa chakula cha mchana. Mkaguzi aliomba maji, limau, na ngazi.

Kwanza alikwenda kwenye kaldaya akasugua masizi upande mmoja mpaka kikatokea kibati chenye namba. Akainakili. Akaja ofisini, akamwomba diretore ateremshe cheti. Diretore akakiteremsha kwa mikono miwili, anatabasamu. Mkaguzi akasoma, kisha akageuza fremu, akang'oa vijiti vya nyuma kwa kisu cha mfukoni. Nilitaka kuufunika uso. Chini ya ukingo wa fremu, mahali mvule ulipofunika, palikuwa na mstari wa tarehe: muda wa cheti ulikuwa umekwisha tangu miaka miwili nyuma. Na namba ya boila kwenye cheti haikuwa ile ya kibati. Tulikuwa tumekitukuza cheti cha boila nyingine, ambayo mpaka leo sijui iko wapi, labda ina afya njema.

Diretore akasema hilo ni jambo la makaratasi. Mkaguzi akasema ndiyo, akaniomba daftari.

Nikalitoa kama lilivyo. Diretore alinitazama, na kwa mara ya kwanza alinitazama kweli. Mkaguzi akafungua, akapitisha kidole: nne, nne, nne. Akafika ukurasa ambao chini yake palikuwa na maelezo ya vali na ile sahihi ya mkia mrefu. Akasoma mara mbili. Akauliza kama ile ni sahihi ya diretore, na diretore, kwa mazoea, akajibu ndiyo kabla hajafikiri. Mkaguzi akaenda kuupima mkono wa vali na kuipima kwa mizani ile kucha ya nanga, akafanya hesabu kwenye karatasi, akasema kwa uzito ule vali isingefunguka kabla ya kilo kumi.

Kisha akauliza juu ya siku ya Idd.

"Siku hii moto ulikuwa umezimwa?"

"Ulizimwa siku mbili kabla," nikasema.

"Na umeandika nne."

Diretore akaruka kama aliyeokota dhahabu. Alisema mnaona! Huyu ni mwongo, anaandika asichokiona, daftari lote ni takataka, haliwezi kumtetea mtu! Na ukimsikia, alikuwa na haki. Kama daftari ni la uwongo, basi na neno la ami ni la uwongo, na maneno ya vali ni ya kubuni, na jela inamngoja. Nikasema niliiona kwa macho yangu.

Mkaguzi alipanda ngazi na spana, akaifungua geji kutoka kwenye bomba lake, akashuka nayo, akaiweka juu ya meza ya diretore, kati ya sahani za chakula ambacho hakikuliwa. Haikuunganishwa na kitu chochote. Haikuwa na mvuke wala maji wala moto. Ilikaa pale mezani peke yake, na ilisema nne.

Nzi alitua penye mstari mwekundu. Mkaguzi akafungua kifuniko chake, akatuonyesha meno ya ndani: kutu tupu, upepo wa bahari ulikwisha kuyaunganisha kuwa chuma kimoja. Akaipachika hivyo hivyo kwenye pampu yake ndogo ya mkono pamoja na geji yake mwenyewe akapampu. Ya kwake ikapanda mbili, tano, saba. Yetu haikujali.

Ripoti aliiandika mwenyewe usiku huo, na asubuhi nikaambiwa nitoe nakala. Geji imekwama tangu zamani, kwa uchache tangu kabla ya Idd, kama daftari linavyothibitisha. Vali imezuiwa kwa amri ya uongozi. Gasketi imekosekana, ikatumiwa pamba yenye mafuta, ambayo kwa joto lile iliungua na kulegea. Boila haina cheti. Mchochea moto hana hatia. Askari akaondolewa hospitalini kabla ya adhuhuri. Diretore naye aliadhibiwa vikali: alihamishwa kwenye kiwanda kikubwa zaidi.

Mimi nikawa shujaa wa mji. Daftari la kijana wa Kudha limemshinda Mtaliana! Wazee walinisalimia msikitini kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Ami alipotolewa kwenda kwao kwa mashua, akiwa amebebwa, aliniita karibu akanibusu kichwa, na kuhusu viatu hakusema neno. Niliyapokea yote hayo. Nilisimulia kisa cha geji mezani mara nyingi, nikiiga uso wa diretore, na watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Nilikuwa katika hali hiyo ya kujipenda nilipokwenda kumwona yule mama mfuaji, nyumbani kwa dada yake. Nilichukua nakala ya ripoti na daftari, nikadhani atafurahi kusikia kuwa haki imetendeka. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa mpaka kwenye viwiko, imewekwa juu ya mto mbele yake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana. Dada yake alikuwa akimlisha uji. Nikasoma ripoti yote, nikitafsiri, nikitua penye uzito. Nilipofika penye majeruhi nikapunguza sauti: wenyeji, wawili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwashiria dada yake aondoe bakuli.

"Ile saa ikufie lini?" akauliza.

"Kabla ya Idd, mama. Mkaguzi amesema hivyo."

"Na wewe wangia kila saa kuiangalia."

"Ndiyo, mama."

"Mocho uwake, mocho uzimwe, ni nne."

Nikasema ndiyo. Nikaanza kusema kwamba mimi si fundi, kazi yangu ilikuwa kuandika tu, na kwamba lau nisingeliandika ami angekuwa jela. Yote hayo ni kweli. Akalitazama daftari mapajani mwangu.

"Ni kichabu chako hicho?"

Nikasema ndicho daftari lenyewe.

"Nisomee."

Nikafungua mahali pa Idd, maana ndipo watu wote walipotaka pasomwe. Akatikisa kichwa. Akasema nianze mwanzo. Nikarudi nyuma mpaka pale ilipoanza, asubuhi ya siku ambayo hata siikumbuki, nikasoma saa kumi na mbili, nne. Saa moja, nne. Saa mbili, nne. Mikono yake haikusogea juu ya mto. Nilisoma ukurasa ule, nikasita nimtazame, akaniambia, "Geuza." Nikageuza. Jua lilitoka mlangoni likafika ukutani, na yeye hakuniambia niache.